Barua kwa mume wangu: naomba mnisomee kabla sijampa

MamaCherehani — Jumapili, saa 4:12 usiku

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za usiku.

Nina miaka 43, mume wangu ana 54. Tuna ndoa ya miaka 19 na watoto watatu, tunaishi Morogoro. Yeye ni fundi magari, mimi nashona sare za shule. Ana kisukari kwa miaka sita sasa, na presha kwa miaka miwili. Tangu mwaka jana mwili wake hauitiki. Mwanzoni ilikuwa inasimama kisha inalegea katikati, baadaye ikawa haisimami kabisa.

Hilo siyo linaloninyima usingizi. Linaloninyima usingizi ni kwamba hanigusi tena hata bega. Zamani akitoka gereji na akishaoga, alikuwa anavuta kigoda nyuma ya cherehani yangu, anaegemeza kichwa mgongoni kwangu, ananihadithia gari za watu. Sasa anakaa na mpira kwenye runinga mpaka asikie nimelala, kisha anaingia kimya kimya na kugeukia ukutani. Nikimgusa anajikunja kama nimemchoma.

Nimejaribu kuongea mara mbili. Mara ya kwanza alitoka nje akawasha pikipiki akaondoka. Mara ya pili akasema, "Kama umechoka niambie." Nikaona niandike. Naiweka hapa, mnisomee kama vile mngekuwa yeye.

> *Kwako mume wangu,*
>
> *Naandika kwa sababu kuongea kumeshindikana. Nataka ujue sina hasira na wewe. Kuhusu tatizo lako la kushindwa, nimeshakusamehe wala sina kinyongo. Najua si kosa lako, ni ugonjwa. Hata kama haitapona, mimi nitavumilia, maana sikuolewa na kitanda. Ila usinitenge. Usiku nalala macho nikisikiliza unavyopumua, na najua na wewe hujalala. Nimekukumbuka na hali upo humu humu ndani. Sina hasira, lakini naumia. Naomba twende hospitali ukatibiwe ili maisha yetu yarudi kama zamani. Sina hasira.*
>
> *Mkeo*

---

Kipanga_01 — Jumapili, saa 4:40 usiku

Dada pole, lakini fungua macho. Mwanaume anayeingia kitandani saa sita na kugeukia ukutani ana mtu nje. Kisukari ni kisingizio. Kagua simu yake kwanza, barua baadaye.

---

MamaCherehani — Jumapili, saa 4:47 usiku

Kaka, simu yake inalala juu ya kabati langu la vitambaa, haina hata namba ya siri. Sikuuliza hilo.

---

Mzee wa Mawenzi — Jumapili, saa 5:20 usiku

Mwanangu, nimeisoma mara tatu. Mimi nina miaka 61 na haya yamenikuta, kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyelala upande ule wa ukutani.

"Nimeshakusamehe" itoe. Anayesamehewa amekosa. Hapo hapo chini unasema si kosa lako, lakini yeye atakuwa ameshabaki kwenye lile neno la kwanza. "Tatizo lako la kushindwa", hilo ndilo neno analojiita mwenyewe kila usiku; asilipate na kwako. "Nitavumilia" nayo inamwambia kwamba amekuwa mzigo wa kubebwa. Na "yarudi kama zamani" inamwekea mtihani mwingine. Kama hayatarudi kama zamani, je?

Halafu umesema "sina hasira" mara tatu. Mtu akisikia hivyo mara tatu anaanza kuitafuta hiyo hasira iko wapi. Sema mara moja, na uweke kitu kitakachomfanya aamini.

Nikueleze kwa nini anajikunja. Mimi mke wangu alipokuwa ananishika mkono, kichwani kwangu mkono ulikuwa ndio mwanzo wa safari ambayo naijua mwisho wake. Nikawa naukimbia mkono ili nisifike kule. Sikuwa namkimbia yeye. Alikuja kulijua hilo baada ya miaka miwili, na ile miaka miwili haikurudi.

Kuna mstari mmoja usiuguse kabisa: "Nimekukumbuka na hali upo humu humu ndani." Hiyo ndiyo barua. Mengine yote yaizunguke hiyo.

---

Dume la Mbegu — Jumatatu, saa 1:05 asubuhi

Tatizo liko wazi, ni dawa za presha. Zinaua nguvu za kiume, kila mtu anajua. Mwambie aziache mwezi mmoja tu, apige mkuyati na supu ya pweza. Barua haisimamishi kitu.

---

Tabibu wa Zamu — Jumatatu, saa 2:30 asubuhi

Mkuu hapo juu, nusu ya maneno yako ni kweli na nusu inaweza kuua mtu. Kweli zipo dawa za presha zinazopunguza nguvu, si zote. Lakini kuna aina ambazo mgonjwa akiziacha ghafla moyo unaanza kwenda mbio, presha inaruka, na mwenye moyo dhaifu anaweza kuanguka. Asiache kidonge hata kimoja kwa ushauri wa mtandaoni, pamoja na wangu.

MamaCherehani, mimi ni tabibu kliniki ya kisukari. Kama huoni vibaya nijibu mambo matatu. Dawa gani ziko kwenye maboksi yake? Akiamka asubuhi inasimama yenyewe au hapana? Na je, huwa analalamika kifua kubana akipanda mlima au akiinua kitu kizito?

---

MamaCherehani — Jumatatu, saa 7:15 mchana

Ahsante tabibu. Nimesoma maboksi. Metformini, atenololi, na bendrofluazidi. Kwenye daftari lake la kliniki sukari ya asubuhi kabla ya kula, mara mbili za mwisho, ni 11.4 na 12.1. Asubuhi zamani ilikuwa inasimama, mwaka huu sijaona. Kifua hajawahi kulalamika. Dawa za presha alianza mwaka juzi mwezi wa sita, na mambo yalianza kulegea kama mwaka mmoja baadaye.

Kuna kingine. Nikifua suruali yake ya kazi nimekuta kikaratasi cha unga, ule wanaouita vumbi la Kongo. Sikumwambia. Nilikirudisha mfukoni.

---

Tabibu wa Zamu — Jumatatu, saa 8:50 mchana

Sasa picha inaonekana.

Atenololi na bendrofluazidi zote mbili ziko kwenye kundi la dawa zinazoweza kulegeza. Zipo nyingine, kama losatani na amlodipini, ambazo kwa kawaida hazileti hilo, na mgonjwa wa kisukari mara nyingi anafaa kuwa kwenye losatani hata kwa ajili ya figo zake. Daktari wake anaweza kubadilisha taratibu kwa kupunguza hii huku akiingiza ile. Lakini sitakudanganya kwamba dawa ndiyo mwenye kosa peke yake. Sukari ya 11 na 12 kabla ya kula, kwa muda mrefu, inaharibu mishipa ya damu na ya fahamu. Dawa ikibadilishwa na sukari ikabaki hapo, huenda asione tofauti kubwa.

Kutosimama asubuhi kunanionyesha kwamba chanzo kikubwa kiko mwilini. Ingekuwa ni mawazo tu, asubuhi mwili ungefanya kazi yake. Mawazo yamekuja kukaa juu yake baadaye.

Na nimeuliza kifua kwa sababu hii: mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kama milimita 1 hadi 2, ile ya moyo ni 3 hadi 4. Mishipa ikianza kuziba, huku chini panaonyesha kwanza, na moyo unaweza kufuata miaka michache baadaye. Kwa hiyo hili si jambo la kitandani peke yake. Apimwe moyo na mafuta ya damu pia.

Kuhusu ule unga: dawa nyingi za namna hiyo, zinazouzwa kama mitishamba, zimewahi kupimwa nchi mbalimbali zikakutwa zimechanganywa kimya kimya sildenafili, dawa ya hospitali ya nguvu za kiume, kipimo hakijulikani. Sildenafili yenyewe si adui, na kwa mume wako huenda ndiyo daktari atakayoanza nayo. Hatari yake kubwa ni mtu anayetumia dawa za kifua za jamii ya nitrati, kama zile za kuweka chini ya ulimi. Zikikutana, presha inashuka mpaka mtu anapotea. Mume wako hatumii hizo sasa, lakini akipelekwa hospitali usiku kwa kifua na daktari hajui amelamba nini jioni, anaweza kumpa.

---

Dume la Mbegu — Jumatatu, saa 9:10 alasiri

Sawa tabibu, la kuacha ghafla nimelikubali. Lakini hizo sildenafili baba yangu mdogo mwenye sukari kapewa na daktari, hazikumfanyia kitu.

---

Tabibu wa Zamu — Jumatatu, saa 9:32 alasiri

Inatokea, na kwa wenye kisukari inatokea zaidi kuliko kwa wengine. Ila muulize alimeza vipi. Wengi wanakula ugali na nyama ya mafuta, wanameza, wanajilaza kusubiri. Mlo wa mafuta unaichelewesha, inahitaji kama saa moja, na haisimamishi chochote pasipo hamu na kushikana. Mtu anameza, anakaa peke yake anajiangalia, haoni kitu, anasema ni feki. Akijaribu mara moja na kuacha hajaijaribu.

---

Binti Chwaka — Jumatatu, saa 3:45 usiku

Assalaam alaykum. Tabibu kaongea ya mwili, mzee kaongea ya moyo wa mwanamume. Mie nataka kumuuliza dada yangu kitu kuhusu yeye mwenyewe, maana katika barua yako wewe haumo.

Tangu haya yaanze, wewe umebadilika nini? Mie mume wangu alipougua nilisema nimwache apumzike. Nikaacha kujifukiza, nikaacha kujitia viluwa, nikawa naingia kulala na dera la kupikia. Kwangu mie ilikuwa huruma. Yeye, kumbe, alikuwa anahesabu kila nilichokiacha.

---

MamaCherehani — Jumatatu, saa 5:02 usiku

Wa alaykum salaam dada. Nimekaa na swali lako saa nzima.

Nilikuwa nachoma udi kila Alhamisi usiku. Nimeacha. Nilikuwa navaa kanga mbele yake, sasa nampa mgongo. Nilikuwa namwegemea tukitazama taarifa ya habari, sasa nakaa kiti cha peke yangu. Yote hayo nilisema asije akaona nadai. Sikuwahi kumwambia kwa nini.

---

Binti Chwaka — Jumatatu, saa 5:20 usiku

Basi yaandike hayo. Na umwombe kitu kimoja kinachofanyika, siyo "usinitenge", maana hajui kutokutenga kunaanzia wapi. Sisi tulishauriwa na mshauri wa ndoa tupange majuma matatu ya kushikana tu, na tendo lenyewe tuliondoe kabisa kwa makubaliano. Kwanza mikono, mgongo, miguu, kichwa. Sehemu za siri hazimo mpaka baadaye. Hata mwili ukiitika siku hiyo, mnauacha. Hilo la mwisho ndilo gumu na ndilo lenye faida, maana ukikimbilia kuutumia, kesho yake mkono unarudi kuwa mtihani.

---

Mzee wa Mawenzi — Jumanne, saa 12:30 asubuhi

Nakubaliana na binti. Ninachopinga ni hospitali kuingia kwenye barua hii. Akikuta upendo juu na kliniki chini, atasema upendo ulikuwa sukari ya kumezesha kidonge.

---

Tabibu wa Zamu — Jumanne, saa 1:10 asubuhi

Mzee, heshima yako, lakini sukari ya 12 haisubiri barua ya pili. Mimi ningeiweka.

---

MamaCherehani — Jumatano, saa 10:05 jioni

Nimewasikia wote. Kliniki nimeiweka mstari mmoja na nusu, mzee anisamehe. Unga sikuutaja, nimeona tukiongea ana kwa ana ni bora kuliko aukute kwenye karatasi. Nimeiandika upya:

> *Baba Salma,*
>
> *Leo nilikuwa nashona, nikanyoosha mkono nyuma kutafuta kigoda chako. Hakipo. Kiko jikoni, kimewekewa ndoo ya maji. Nikasimamisha cherehani, nikachukua karatasi.*
>
> *Nimekukumbuka na hali upo humu humu ndani. Nakumbuka kichwa chako mgongoni kwangu, na ile sabuni ya unga unayotolea grisi, na hadithi za gari ambazo sizielewi na ambazo nilikuwa nazisubiri tangu mchana.*
>
> *Kuna jambo nimekuficha. Mwaka jana nilipoona mwili wako hauitiki, niliogopa kukugusa usije ukadhani nadai. Nikaacha kukuegemea. Nikaacha udi wa Alhamisi. Nikaanza kufunga kanga nikiwa nimekupa mgongo. Nilitaka upumzike. Sikukwambia, na sasa naogopa ulisoma kwamba sikutaki. Nakutaka. Nautaka huo mgongo wako unaougeuzia ukuta.*
>
> *Kuhusu kusimama na kutosimama, sina hasira. Unanijua. Nikikukasirikia huwa nakuita jina lako lote mpaka la babu yako. Hebu kumbuka, tangu mwaka jana nimekuita hivyo lini?*
>
> *Naomba kitu kimoja. Kwa majuma matatu, ukiwa tayari, tulale tumeshikana na tusiende zaidi ya hapo. Hata mwili wako ukitaka, tuuache. Nikikushika mkono, ujue nimeshika mkono. Usitafute kinachofuata, hakuna.*
>
> *Siku yako ya kliniki nitafunga cherehani. Ukitaka nikusindikize nitakusindikiza, ukitaka nibaki nitabaki, lakini dawa za presha umuulize daktari kama hazichangii.*
>
> *Usinijibu kwa mdomo kama mdomo mzito. Rudisha kigoda.*
>
> *Mama Salma*

---

Mzee wa Mawenzi — Jumatano, saa 11:40 jioni

Mstari wa kliniki nimeumeza. Usimpe usiku wala chumbani. Mpe asubuhi akienda kazini, aisome mahali ambapo hakuna anayemtazama usoni. Na akirudi usimuulize kama ameisoma.

---

Kipanga_01 — Jumatano, saa 1:15 usiku

Dada nilikosea. Niliona la kwangu nikadhani ni la kwako. Nisamehe.

---

MamaCherehani — baada ya majuma matano, Jumamosi, saa 3:30 usiku

Nimerudi, maana wengi mmeniandikia faraghani mkiuliza.

Niliiweka kwenye kisanduku chake cha chakula, juu ya kitambaa. Jioni alirudi kimya. Siku ya pili kimya. Nilishika mdomo kwa shida sana, mzee, lakini sikuuliza. Siku ya tatu, nikiwa naunganisha kola, nilisikia ndoo inawekwa chini jikoni. Akaja na kigoda, akakaa nyuma yangu. Hakuweka kichwa. Alikaa tu mpaka nikamaliza kola ya pili, ndipo akasema, "Mimi nilijua umenikinai." Nikamwambia la. Ndipo akaweka kichwa.

Majuma matatu tuliyapata, lakini hayakunyooka. Usiku wa tano aligeukia ukuta tena na sikujua kwa nini. Nilimwacha. Kesho yake akaniambia alihisi kama mwili unataka kuitika, akaogopa ukiitika halafu usirudi tena. Tukacheka kidogo, kisha akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata mama yake alipofariki.

Kliniki tulikwenda wote wawili. Nilibaki kwenye benchi, akaniita mwenyewe katikati. Daktari ameanza kupunguza atenololi na kumwingiza kwenye losatani, amemwongezea dawa ya sukari, na amemwandikia kipimo cha moyo ambacho bado hatujafanya. Sildenafili amesema tungoje kipimo hicho kwanza. Juzi sukari ya asubuhi ilikuwa 8.9.

---

Tabibu wa Zamu — Jumamosi, saa 4:02 usiku

8.9 inashuka vizuri, ila bado iko juu ya pale tunapotaka. Na ule unga?

---

MamaCherehani — Jumamosi, saa 4:15 usiku

Nilimwambia nimeuona. Alisema ameutupa. Sijakagua mfuko.

---

Binti Chwaka — Jumamosi, saa 4:31 usiku

Na kule kwenyewe, dada, mwili unaitika?

---

MamaCherehani — Jumamosi, saa 4:50 usiku

Alfajiri mbili nimehisi kidogo, si kama zamani. Tendo bado hatujajaribu na hakuna aliyelitaja. Alhamisi nilichoma udi. Analala amenielekea mimi sasa, mkono wake juu ya nyonga yangu, na mpira anautazama mpaka saa nne tu.